D-dimer: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kipimo cha kuondoa shaka ya damu kuganda

Nimefanya kazi ya maabara ya damu kwa miaka mingi, na simu inayonijia zaidi kuliko zote ni hii: "D-dimer ya mgonjwa wangu imepanda, ina maana ana bonge la damu?" Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu namba ile peke yake haiwezi kusema ndiyo. Inachoweza kusema, tena vizuri sana, ni hapana, na hata hiyo hapana ina masharti yake. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa na wagonjwa, wauguzi na madaktari wanaoanza kazi.

D-dimer ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha mabaki. Ndani ya damu huelea protini iitwayo fibrinojeni. Ifikirie kama kijiti chenye kitovu katikati na kichwa kila upande. Kitovu huitwa E, na vichwa viwili huitwa D. Mshipa ukijeruhiwa, kimeng'enya kiitwacho thrombini huikata fibrinojeni kidogo, nayo hugeuka kuwa fibrini. Vijiti vya fibrini hupangana bega kwa bega na kufanya nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika bonge la damu lisisambaratike.

Mwanzoni nyuzi hizo zimeegemeana tu. Hapo huja protini ya kugandisha namba 13, ambayo thrombini hiyohiyo huiamsha, nayo hushona kichwa cha D cha kijiti kimoja na kichwa cha D cha jirani yake. Mshono huo ni wa kikemia na ni mgumu kweli. Baadaye mwili ukianza kubomoa bonge, kimeng'enya kingine, plazimini, hupita kikizikata nyuzi. Hukata sehemu nyingi, lakini ule mshono wa D na D hakiuwezi. Kinachobaki kikielea kwenye damu ni vichwa viwili vilivyoshonwa pamoja. Hicho ndicho kinachoandikwa D-dimer kwenye fomu ya majibu.

Plazimini ikiikata fibrinojeni ambayo haijawahi kuganda, hutoa D mojamoja, kamwe si jozi. Kwa hiyo jozi ile ni ushahidi wa mambo matatu yaliyofuatana: thrombini ilifanya kazi, mshono ulishonwa, kisha ubomoaji ukaanza. Ni ushahidi mzuri. Tatizo ni kwamba hauelezi hayo yametokea wapi mwilini, wala kwa sababu gani.

Kama ni ushahidi kwamba fibrini iliundwa, kwa nini usithibitishe kwamba nina bonge?

Kwa sababu mwili huunda fibrini kila siku kwa kazi halali. Kidonda kinachopona kina fibrini. Mshono wa upasuaji una fibrini. Pafu lenye nimonia hujaa fibrini, na vivyo hivyo kiungo kilichovimba, uvimbe wa saratani na kondo la nyuma la mama mjamzito. Maambukizi makali ya damu, kuungua, kuvunjika mfupa, ugonjwa wa ini na selimundu vyote hupandisha D-dimer. Hata umri peke yake huipandisha bila ugonjwa wowote.

Kipande kikishaingia kwenye damu hakina anwani. Kilichotoka kwenye vena ya paja na kilichotoka kwenye jeraha la goti vinafanana kabisa, na mashine haina njia ya kuvitofautisha.

Sasa ligeuze swali. Mtu mwenye bonge bichi na kubwa kwenye vena ya mguu au kwenye mapafu ana fibrini nyingi iliyoshonwa, na plazimini inaishambulia tangu saa za mwanzo. Ni vigumu sana hali hiyo iwepo bila vipande kumwagika kwenye damu. Ndiyo maana kukosekana kwa vipande kuna uzito kuliko kuwepo kwake.

Maabara inavihesabuje vipande hivyo?

Kwa kingamwili zilizotengenezwa kukamata umbo lile la D iliyoshonwa na D. Kwenye mashine nyingi za leo kingamwili hizo zimebandikwa juu ya vijichembe vidogo sana vya lateksi. Plazima ya mgonjwa ikichanganywa navyo, kila kipande cha D-dimer hushika vijichembe viwili au zaidi na kuvikusanya. Mchanganyiko huwa mzito machoni pa mwanga, na mashine hupima jinsi mwanga unavyozidi kuzuiwa. Mwanga ukizuiwa zaidi, D-dimer ni nyingi zaidi. Mbinu ya Elisa nayo ni sahihi sana ila huchukua muda mrefu. Vile vipimo vya zamani vya kutazama kwa jicho kama matone yameshikana kwenye kioo hukosa baadhi ya wagonjwa wenye bonge, na mimi sipendi kuona mtu akirudishwa nyumbani kwa kutegemea kioo hicho pekee.

Kila mtengenezaji ana kingamwili zake, na kila kingamwili hushika kona yake ya kipande. Damu ileile ikipimwa kwenye mashine mbili tofauti inaweza kutoa namba zilizoachana kabisa. Ukitaka kulinganisha jibu la leo na la juzi, hakikisha yametoka kwenye mbinu moja.

Sampuli huchukuliwa kwenye tyubu ya kifuniko cha bluu yenye sitreti, sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti. Tyubu isiyojaa hadi mstari huwa na sitreti nyingi mno, na jibu hushuka kwa sababu plazima imechujuka. Kwa kipimo ambacho kazi yake ni kusema hapana, kosa la kushusha ndilo kosa baya zaidi, kwa hiyo tyubu iliyojaa nusu irudishwe na damu itolewe upya.

Kikomo cha 500 ng/mL kinachotumika kwa D-dimer kimetoka wapi? Ndiyo kiwango cha kawaida?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa vipimo vingi tumezoea kuona kiwango kilichopatikana kwa kupima watu wazima wenye afya. Kikomo cha D-dimer kimechaguliwa kwa nia nyingine: kiwe chini kiasi kwamba karibu kila mwenye bonge aanguke juu yake. Anayetoka chini ya mstari anaweza kuachwa kwa amani. Anayetoka juu yake hajahukumiwa chochote, ila hajaondolewa bado.

Gharama ya kuweka mstari chini ni kwamba watu wengi wasio na bonge nao huangukia juu. Tufanye hesabu kwa watu 1,000 waliokuja na dalili, na daktari anakadiria kuwa 1 kati ya 10 ana bonge. Tuseme kipimo kinanasa 97 kati ya kila 100 wenye bonge, na kinatoa jibu hasi kwa 40 kati ya kila 100 wasio nalo. Namba hizi nimezichagua kwa ajili ya mfano, ila ziko karibu na tabia ya vipimo vizuri.

Wenye bonge ni 100: 97 watatoka chanya na 3 hasi. Wasio na bonge ni 900: 360 watatoka hasi na 540 chanya. Jumla ya majibu chanya ni 637, na ndani yake wenye bonge ni 97 tu, yaani kama 15 kwa kila 100. Anayemwambia mgonjwa "umegundulika una bonge" kwa jibu hilo atakuwa amekosea mara nyingi kuliko alivyopatia. Majibu hasi ni 363, na ndani yake wenye bonge ni 3, chini ya 1 kwa kila 100.

Badilisha kitu kimoja tu. Watu 1,000 wale wawe ni wale ambao daktari akiwaangalia anaona nusu yao wana bonge. Wenye bonge sasa ni 500, na 15 kati yao watatoka hasi. Wasio nalo ni 500, na 200 watatoka hasi. Kwenye majibu hasi 215 kuna watu 15 wenye bonge, yaani 7 kwa kila 100. Kipimo ni kilekile na mashine ni ileile, lakini hapana yake sasa si salama. Hii ndiyo sababu D-dimer haipimwi kwa mgonjwa ambaye uwezekano wake wa kuwa na bonge ni mkubwa tangu mwanzo. Huyo huenda moja kwa moja kwenye picha.

Huo uwezekano wa mwanzo unakadiriwaje?

Kwa historia, kwa kumgusa mgonjwa, na kwa alama. Zinazotumika sana ni alama za Wells, zilizotungwa na daktari Philip Wells na wenzake wa Kanada. Kwa bonge la mapafu: mguu wenye dalili za bonge hupewa alama 3, na bonge la mapafu likiwa ndilo maelezo yanayoelekea zaidi hupewa 3. Mapigo ya moyo zaidi ya 100 kwa dakika ni 1.5, kulala kitandani siku 3 au zaidi au upasuaji ndani ya wiki 4 ni 1.5, na kuwahi kupata bonge ni 1.5. Kukohoa damu ni 1, na saratani ni 1. Jumla ikiwa 4 au chini yake, D-dimer ina kazi ya kufanya. Ikizidi 4, nenda kwenye picha.

Alama zihesabiwe kabla ya kuliona jibu la maabara. Ukishaiona namba iliyopanda, macho huanza kuuona mguu umevimba.

Jibu langu linasema 0.64, la jirani yangu wa wodini linasema 410. Nani ana nyingi?

Haijulikani mpaka usome kipimio kilichoandikwa mbele ya namba, na kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni rahisi: 0.64 mg/L ni sawa na 640 ng/mL. Zidisha kwa 1,000.

Wa pili ndio unaoumiza. Maabara nyingine huandika FEU, nyingine DDU. FEU huhesabu uzito wa fibrinojeni nzima iliyokuwepo kabla ya kukatwa. DDU huhesabu uzito wa kipande chenyewe kilichobaki. Fibrinojeni nzima ina uzito wa karibu mara mbili, kwa hiyo namba ya FEU ni takriban mara mbili ya namba ya DDU:

```
500 ng/mL FEU  ≈  250 ng/mL DDU
0.50 mg/L FEU  ≈  0.25 mg/L DDU
```

Tuseme 0.64 yako ni mg/L FEU. Ikiwa 410 ya jirani ni ng/mL DDU, basi ni kama 820 FEU, naye ana nyingi kuliko wewe. Ikiwa ni FEU, yuko chini ya kikomo. Fomu isiyoonyesha FEU wala DDU haijakamilika. Piga simu maabara uulize, wala usikisie.

Kikomo kinachopanda kwa umri kinafanyaje kazi?

Kwa aliyezidi miaka 50, zidisha umri kwa 10, na hicho ndicho kikomo chake kwa ng/mL FEU. Wa miaka 65 kikomo chake ni 650, wa miaka 80 ni 800. Kwa DDU zidisha kwa 5. Aliye na miaka 50 au chini abaki na 500.

Utafiti wa ADJUST-PE, uliochapishwa mwaka 2014, uliijaribu kanuni hii kwa wagonjwa zaidi ya 3,300 walioshukiwa kuwa na bonge la mapafu katika nchi 4 za Ulaya. Waliokuwa na D-dimer juu ya 500 lakini chini ya kikomo cha umri wao waliachwa bila dawa na kufuatiliwa miezi 3. Kati ya 331 wa kundi hilo, aliyekuja kupata bonge alikuwa mmoja. Kwa wenye miaka 75 na kuendelea ambao uwezekano wao haukuwa mkubwa, kikomo cha 500 kiliwaondolea shaka kama 6 kwa kila 100. Kikomo cha umri kiliwaondolea karibu 30. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kwenye kipimo hiki: wazee wengi waliokuwa wakipelekwa kwenye siti-skani na kuchomwa dawa ya picha inayoelemea figo sasa hawahitaji kwenda.

Nionyeshe mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama wa miaka 72 ana kikohozi cha siku 4, na kwa siku 2 kifua kinamchoma upande wa kulia akivuta pumzi. Mapigo ni 92 kwa dakika, joto limepanda kidogo. Miguu yake ni sawa, hajalazwa wala kupasuliwa, hajawahi kupata bonge, hana saratani, hakohoi damu. Daktari anadhani ni nimonia, lakini bonge la mapafu haliwezi kulitupa hivihivi. Alama za Wells: 0.

Damu inatolewa. Jibu linarudi:

```
D-dimer   0.64 mg/L FEU   H   (< 0.50)
```

Ile herufi H, yaani imepanda, imewekwa na kompyuta, na kompyuta imepangiwa kikomo kimoja kwa watu wote. Daktari kijana akiiona anaanza kujaza fomu ya siti-skani. Asubiri kidogo. 0.64 mg/L ni 640 ng/mL, na kipimio ni FEU. Kikomo cha mama huyu ni 72 mara 10, yaani 720. Jibu lake ni hasi. Kwa alama 0 na D-dimer chini ya kikomo chake, shaka ya bonge imeondolewa. Picha ya kawaida ya eksirei inaonyesha doa la nimonia sehemu ya chini ya pafu la kulia, na nimonia hiyohiyo inatosha kueleza kwa nini namba ilisogea hadi 640.

Sasa tuseme fomu ingesema 0.64 mg/L DDU. Kikomo chake kwa DDU ni 72 mara 5, yaani 360, na yeye ana 640. Hapo jibu si hasi na picha inahitajika. Herufi tatu tu kwenye fomu zimegeuza uamuzi.

Na tuseme namba ni ile ya kwanza, 640 FEU, lakini mguu mmoja umevimba na una maumivu, mapigo ni 112, na daktari haoni maelezo mengine yanayoshinda bonge. Wells ni 3 na 3 na 1.5, jumla 7.5. Kwake D-dimer haikupaswa hata kuombwa. Ingekuwa 300 bado angepigwa picha.

Nimesikia wengine wanatumia 1,000. Ni sahihi?

Ndiyo, ndani ya utaratibu wake. Utaratibu wa YEARS, uliojaribiwa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2017, huuliza mambo matatu: kuna dalili za bonge mguuni, anakohoa damu, na je, bonge la mapafu ndilo maelezo yanayoelekea zaidi? Yote matatu yakiwa hapana, kikomo ni 1,000 ng/mL FEU. Likipatikana hata moja, kikomo ni 500. Usichanganye taratibu kwa kuchukua alama za huku na kikomo cha kule.

Mimi ni mjamzito na D-dimer yangu ni 1,100. Niogope?

Namba hiyo peke yake isikutishe. D-dimer hupanda kadiri mimba inavyokua, na miezi mitatu ya mwisho wajawazito wengi wenye afya huwa juu ya 500. Lakini ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo kama unaishiwa pumzi ghafla, una maumivu ya kifua au mguu mmoja umevimba, dalili hizo ndizo za kushughulikiwa leoleo, namba iwe yoyote.

D-dimer hasi inaweza kudanganya?

Inaweza, na sababu zake nyingi hujulikana kabla ya kupima. Ya kwanza ni dawa. Ukianza heparini au vidonge vya kuzuia damu kuganda, thrombini hudhibitiwa, fibrini mpya hupungua na D-dimer hushuka. Nusu ya vipande huondoka kwenye damu kwa takriban saa 8, kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa siku moja baada ya sindano si ileile tena. Damu itolewe kwanza. Lakini kama mgonjwa yuko hatarini, dawa isicheleweshwe kwa ajili ya tyubu.

Ya pili ni muda. Bonge ambalo dalili zake zilianza zaidi ya wiki 2 zilizopita linaweza kuwa limetulia na kuacha kumwaga vipande vya kutosha. Mgonjwa huyu huja akisema "mguu huu tangu mwezi jana", na jibu lake hasi halina nguvu ya jibu la mtu wa juzi. Ya tatu ni ukubwa: bonge dogo kwenye vena za chini ya goti linaweza kutoa vipande vichache kiasi cha kubaki chini ya mstari.

Yangu ni 9,000. Hiyo nayo haithibitishi?

Haithibitishi, ila haipuuzwi. Namba ikiwa kubwa hivyo, uwezekano wa ugonjwa mzito unapanda: bonge kubwa, maambukizi ya damu, saratani, kuchanika kwa ukuta wa mshipa mkuu wa aota, au hali ambayo damu inaganda ovyo mwili mzima. Magonjwa haya hayatibiwi sawa. Dawa ya kuzuia damu kuganda inayomwokoa mwenye bonge inaweza kumuua aliyechanika aota. Ndiyo maana lazima sababu itafutwe kwa altrasaundi ya mguu au siti-skani ya kifua kabla ya kuliita bonge.

Sina dalili yoyote. Nipime kwa kujiangalia?

Hapana. Bila dalili hakuna swali ambalo kipimo kinajibu, na jibu chanya litakusukuma kwenye picha yenye mionzi kutafuta kitu ambacho hakuna aliyekishuku.

Daktari aandike nini kwenye fomu ya maombi?

Umri, tarehe dalili zilipoanza, kama ni mjamzito, kama amepasuliwa karibuni, na kama ameshapewa dawa ya kuzuia damu kuganda pamoja na saa aliyopewa. Fomu nyingi hunifikia zikiwa na neno moja tu, "D-dimer". Ikija na "miaka 72, maumivu ya kifua siku 2, hajapewa heparini, Wells 0", ninaweza kurudisha jibu na kuandika chini yake kwa mkono: kikomo chake ni 720 FEU.